Kijiti na Ugombaniaji: Historia ya Njia Mbili za Kugawana Waya, na Kikomo cha Kungoja

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya njia mbili ambazo kwazo kompyuta nyingi zimekuwa zikigawana waya mmoja, na kuonyesha kwa nini mfasiri anayezitafutia majina hana budi kujua kwanza tofauti yake ya kweli iko wapi. Kilichonisukuma kuandika ni rasimu moja ya tafsiri iliyofika mezani pangu ili nikague istilahi zake. Matini ya asili ilisema kwamba katika mtandao wa pete, muda mrefu kupita wote ambao kituo kinaweza kungoja unajulikana mapema. Mfasiri aliandika kwamba "muda wa kawaida wa kungoja" unajulikana mapema. Sentensi yake ilikuwa Kiswahili safi, nayo ilisomeka bila kikwazo. Hata hivyo hoja ya kitabu ilikuwa imetoweka, kwa kuwa mabishano yaliyowagawa wataalamu wa mitandao katika miaka ya 1980 yalihusu jambo hilo hasa: kungoja kwa wastani ni kitu kimoja, na kikomo cha kungoja ni kitu kingine.

Swali lenyewe

Waya mmoja unaounganisha kompyuta nyingi hauwezi kubeba maneno ya wawili kwa wakati mmoja. Vituo viwili vikituma pamoja, biti za kimoja huchanganyika na biti za kingine, na ujumbe wa vyote viwili huharibika. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo kila mtandao wa namna hii hauna budi kujibu swali hili: nani aseme sasa?

Majibu yaliyotolewa ni mawili. La kwanza ni kwamba yeyote mwenye neno aseme, na wawili wakigongana wanyamaze, kisha kila mmoja ajaribu tena baadaye. La pili ni kwamba iwepo ruhusa moja tu inayopita kutoka mkono hadi mkono, na asiyekuwa nayo asiseme. La kwanza nitaliita ugombaniaji, na la pili upokezanaji wa kijiti.

Chimbuko la ugombaniaji

Njia ya kwanza ilianza kutumika Hawaii. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, uliowawezesha watumiaji waliokuwa katika visiwa mbalimbali kuitumia kompyuta kuu iliyokuwa kisiwani Oahu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi mno. Kituo chenye ujumbe kiliutuma papo hapo bila kusikiliza kama mwingine anasema. Jibu la kuthibitisha lisipofika, kilisubiri muda wa nasibu, yaani muda uliochaguliwa kwa kubahatisha, kisha kikatuma tena. Gharama ya uhuru huo ilikuwa kubwa. Hesabu inaonyesha kwamba mtandao wa aina hiyo, hata ukitumiwa kwa ufanisi wa juu kabisa, hupitisha ujumbe mzima kwa asilimia 18 tu ya uwezo wake.

Mwaka 1973 Robert Metcalfe, aliyekuwa ameuchunguza mtandao wa ALOHA katika masomo yake ya udaktari, alipendekeza mtandao wa waya katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Kalifornia. Yeye na David Boggs waliujenga, nao ukapewa jina la Ethaneti. Waliongeza adabu mbili. Kwanza, kituo kisikilize kabla ya kusema, na kikikuta waya una maneno kingoje. Pili, kiendelee kusikiliza wakati kinaposema, ili kikigundua mgongano kinyamaze mara moja badala ya kupoteza muda kumaliza ujumbe ulioharibika. Kwa adabu hizo mbili asilimia 18 za ALOHA ziliachwa mbali sana.

Kilichobaki kama kilivyokuwa ni bahati nasibu. Baada ya kugongana, kila kituo huchagua kwa kubahatisha muda wa kusubiri. Katika Ethaneti ya biti milioni 10 kwa sekunde, muda huo hupimwa kwa vipande vya mikrosekunde 51.2, na mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde. Baada ya mgongano wa kwanza kituo huchagua kusubiri vipande 0 au 1. Baada ya mgongano wa pili huchagua kati ya 0 na 3, baada ya wa tatu kati ya 0 na 7, na kuendelea hivyo hadi kufikia 1,023 baada ya mgongano wa kumi. Kifurushi kimoja kikigongana mara 16, kituo hukata tamaa na kukitupa.

Chimbuko la kijiti

Njia ya pili haikuzaliwa ili kuirekebisha ya kwanza, kwa maana iliitangulia. Mwaka 1969, W. D. Farmer na E. E. Newhall wa Maabara za Bell nchini Marekani walieleza mtandao uliopangwa kama pete, ambamo haki ya kutuma ilipita kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata. Wazo hilo liliendelezwa baadaye katika maabara ya utafiti ya IBM karibu na Zurich, Uswisi. Mmoja wa watafiti wake, Werner Bux, alichapisha mwaka 1981 ulinganisho wa kihesabu wa njia hizi mbili. Mwaka 1985 IBM ilitoa sokoni mtandao wake wa pete uliokwenda kwa kasi ya biti milioni 4 kwa sekunde, nayo kamati ya IEEE ikaupa usanifu wenye namba 802.5.

Katika pete, kila kituo hupokea biti kutoka kwa jirani wa upande mmoja na kuzipitisha kwa jirani wa upande wa pili. Pete isipokuwa na ujumbe, kinachozunguka ndani yake ni kijiti, ambacho ni mfuatano maalumu wa biti 24. Kituo chenye ujumbe hungoja kijiti kifike, hukikamata kwa kubadili biti moja ndani yake, kisha hutuma kifurushi chake. Kifurushi huzunguka pete nzima, anayehusika hukinakili kinapompitia, na kikimrudia mwenyewe yeye ndiye anayekiondoa. Baada ya hapo kituo hutoa kijiti kipya na kumpa jirani. Hakuna mgongano, kwa sababu hakuna saa ambapo wawili wana ruhusa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue ofisi yenye vituo 50 katika pete ya biti milioni 4 kwa sekunde, yenye waya wa jumla ya kilomita 2. Tukubaliane kwamba kila kituo kikipata kijiti hutuma kifurushi kimoja tu, na kwamba hakuna kifurushi kinachozidi baiti 1,000, yaani biti 8,000. Kifurushi kama hicho huchukua milisekunde 2, na milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde.

Kwanza tutazame pete isiyo na shughuli. Kila kituo huchelewesha biti kwa muda wa biti 1, na hivyo vituo 50 huongeza biti 50. Kituo kimoja, ambacho ni msimamizi, huongeza biti 24 kwa makusudi ili kijiti kizima kipate nafasi ya kuenea ndani ya pete hata kama vituo ni vichache. Katika waya, mawimbi husafiri kama meta 200 kwa mikrosekunde, kwa hiyo kilomita 2 huchukua mikrosekunde 10, ambazo ni sawa na biti 40. Jumla ni biti 114, au mikrosekunde 28.5. Huo ndio muda wa mzunguko mtupu. Anayetaka kusema wakati wengine wote wamenyamaza atangoja kijiti kwa muda unaokaribia huo, au pungufu yake.

Sasa tutazame hali iliyo mbaya kuliko zote. Kituo kimoja kinapata ujumbe mara tu baada ya kijiti kukipita, na vituo vyote 49 vilivyobaki vina vifurushi virefu vinavyongoja. Kila kimoja kitashika kijiti kwa milisekunde 2, jumla milisekunde 98. Kutoa kijiti kipya mara 49, kwa mikrosekunde 6 kila mara, huongeza milisekunde 0.3 hivi. Mzunguko mtupu huongeza 0.03. Kwa hiyo kituo chetu hakitangoja zaidi ya milisekunde 98.4, na huwa ni chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hesabu hii haihitaji bahati wala takwimu za matumizi. Inahitaji kujua mambo machache tu: idadi ya vituo, muda ambao kila kimoja kinaruhusiwa kushika kijiti, na urefu wa pete. Usanifu wa awali uliruhusu kituo kushika kijiti hadi milisekunde 10. Tukitumia ruhusa hiyo yote, kikomo kinapanda hadi kama nusu ya sekunde, lakini kinabaki kuwa kikomo.

Hesabu ya upande wa pili

Tuwahamishie watu hao hao 50 katika Ethaneti ya biti milioni 10 kwa sekunde. Kifurushi cha baiti 1,000 sasa kinachukua milisekunde 0.8. Waya ukiwa kimya, kituo hakingoji lolote. Husikiliza na kusema. Na kama vituo 49 vingejipanga foleni mbele ya chetu, vingemaliza vyote kwa milisekunde 39 hivi. Kwa mtazamo huo Ethaneti inashinda mara mbili, na wauzaji wake hawakusita kulisema hilo.

Lakini hakuna anayepanga foleni hiyo. Tuvitazame vituo viwili, A na B, kila kimoja kikiwa na vifurushi vingi. Vimegongana, A kikachagua 0 na B kikachagua 1, kwa hiyo A kimetuma. A kinapomaliza, kifurushi chake cha pili kiko tayari, na B bado kinangoja. Vinagongana tena. Kwa A huu ni mgongano wa kwanza wa kifurushi kipya, kwa hiyo kinachagua kati ya namba 2. Kwa B ni mgongano wa pili wa kifurushi kile kile, kwa hiyo kinachagua kati ya namba 4. Katika jozi 8 zinazowezekana, A kinatangulia katika 5, B kinatangulia katika 1 tu, na katika 2 vinagongana tena. A kikishinda mara hiyo pia na vikagongana upya, B kitachagua kati ya namba 8, na katika jozi 16 A kitatangulia mara 13 na B mara 1. Kanuni iliyowekwa ili kupunguza msongamano inamwadhibu aliyengoja muda mrefu zaidi, naye kadiri anavyongoja ndivyo anavyozidi kusukumwa nyuma.

Je, mwisho wake ni upi? Tukijumlisha vipindi virefu kupita vyote vya kusubiri kwa nasibu baada ya migongano 15, tunapata vipande 7,151, ambavyo ni kama sekunde 0.37. Msomaji asije akadhani kwamba hicho ndicho kikomo. Baada ya kila kipindi kituo husikiliza tena, na kikikuta waya unatumika hungoja hadi unyamaze, na muda huo wa pili hauna kipimo kilichowekwa na kanuni. Kisha, mgongano wa 16 ukitokea, kifurushi hakifiki kabisa. Kwa hiyo jibu la uaminifu kwa anayeuliza kikomo cha kungoja katika ugombaniaji ni kwamba kikomo hakipo. Kuna uwezekano tu, nao mara nyingi ni mdogo sana.

Udogo huo pia ustahili kusemwa. Mwaka 1988 David Boggs, Jeffrey Mogul na Christopher Kent walichapisha vipimo vya Ethaneti halisi, wakaonyesha kwamba hofu nyingi zilizotokana na hesabu za vitabuni zilikuwa zimepita kiasi. Kwa vifurushi virefu waya uliendelea kubeba sehemu kubwa ya uwezo wake hata vituo vyote viliposhindana. Mfanyakazi wa ofisi anayepeleka waraka kwenye mashine ya kuchapia hataona tofauti. Anayeona tofauti ni mhandisi wa kiwanda ambaye mashine yake lazima ipate amri ya kusimama kabla ya muda fulani kupita. Ndiyo maana kampuni ya magari ya General Motors, ilipobuni mtandao wa viwanda vyake katika miaka hiyo, ilichagua kijiti.

Masharti ya kikomo

Haitakuwa haki kuondoka hapa tukidhani kwamba kijiti kinaahidi bila masharti. Kijiti ni biti 24, na biti huweza kuharibika. Kituo chenye kijiti kikizimwa ghafla, pete nzima hunyamaza. Hapo ndipo kazi ya kituo msimamizi inapoonekana. Msimamizi ana saa inayohesabu milisekunde 10, na ikifika mwisho pasipo kijiti wala kifurushi kupita, husafisha pete na kutoa kijiti kipya. Vilevile hutia alama katika kila kifurushi kinachompitia, na akikiona mara ya pili chenye alama hujua kwamba mwenyewe hakukiondoa, hukitoa yeye. Msimamizi mwenyewe akifa, vituo vingine hushindania nafasi yake na chenye anwani kubwa zaidi huchukua. Muda wote huo hauhesabiwi katika milisekunde 98.4 zetu. Kikomo ni cha pete yenye afya.

Kuna sharti jingine. Usanifu wa pete ulitoa ngazi 8 za kipaumbele, na kituo cha ngazi ya juu kiliweza kukiwekea kijiti nafasi kabla ya wengine. Kwa hiyo hesabu yetu ni kweli kwa vituo vya ngazi moja. Kituo cha ngazi ya chini, wakubwa wake wakiwa na maneno yasiyokwisha, kinaweza kungoja bila mwisho kama B katika Ethaneti.

Fundi aliweza kuzitofautisha dalili za mitandao hii. Ethaneti iliyolemewa ilikuwa nzito kwa baadhi ya watumiaji na nyepesi kwa wengine, huku hesabu ya migongano na ya vifurushi vilivyotupwa ikipanda. Pete iliyougua ilinyamaza kwa wote kwa pamoja, na hesabu iliyopanda ilikuwa ya mara ambazo msimamizi amesafisha.

Mabishano yalivyokwisha

Ugombaniaji ulishinda sokoni, ingawa si kwa kujibu hoja ya kikomo. Vifaa vyake vilikuwa rahisi na viliuzwa na wengi. Tena kuanzia mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ilianza kuuza swichi, na kwa swichi kila kituo hupata waya wake peke yake. Usanifu wa mwaka 1997 ukaruhusu kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, na migongano ikatoweka kabisa katika nyaya za aina hiyo. Kilichoshinda kwa jina la Ethaneti kilikuwa kimeacha kugombania. Hata hivyo kungoja hakukuisha. Kulihamia ndani ya swichi, ambamo vifurushi hukaa foleni, na swali la kikomo likawa swali la urefu wa foleni hiyo. Kijiti nacho hakikupotea, kwani mitandao ya viwanda ya PROFIBUS bado hukipokezana kati ya vituo vyake vikuu. Na mitandao isiyo na waya tunayoitumia kila siku kwa kawaida bado hugombania hewa.

Istilahi

Kutokana na maelezo haya ninapendekeza mambo matatu kwa wafasiri na walimu.

Kwanza, ruhusa inayozunguka iitwe kijiti. Wengine wamependekeza "ishara", lakini kila kinachopita katika waya ni ishara. Wengine wamependekeza "zamu". Neno hilo liko karibu zaidi, ila zamu hugawiwa kwa saa, na mwenye zamu huishika hata kama hana la kufanya. Asiye na neno hukiachia kijiti kipite, na ndiyo maana mzunguko mtupu ni mikrosekunde 28.5 tu. Kila mwanafunzi aliyewahi kukimbia mbio za kupokezana vijiti anajua kwamba asiye na kijiti mkononi hakimbii, na kwamba kijiti kikianguka timu nzima husimama.

Pili, neno ugombaniaji lipendelewe kuliko "ushindani". Ushindani una mshindi na mwamuzi. Katika ugombaniaji hakuna mwamuzi, na mara nyingine wote hukosa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, maneno wastani wa kungoja na kikomo cha kungoja yasibadilishane nafasi, na neno "kawaida" lisitumiwe kwa lolote kati ya hayo. Wastani humwambia msomaji kitu anachoweza kutarajia. Kikomo humwambia kitu ambacho hakiwezi kupitwa, maadamu masharti yake yametimizwa. Mkataba wa kununua mtambo ukiandikwa kwa neno la kwanza mahali pa neno la pili, muuzaji atakuwa ametimiza ahadi yake siku ambayo amri ya kusimamisha mashine itachelewa kufika. Ile rasimu niliirudisha kwa mwenyewe ikiwa na sahihisho la neno hilo moja, pamoja na hesabu ya vituo 50 pembeni.